Taa mbili zilizokataa kuzimika

Taa nne ndogo za kihesabio cha kumi nilichokijenga, sakiti ya kuhesabu 0 hadi 9, zilikuwa mbele yangu, zimepangwa kwa mstari. Ya kushoto kabisa ni Q3, yenye thamani ya 8. Zinazofuata ni Q2 ya 4 na Q1 ya 2, na ya kulia kabisa ni Q0, yenye thamani ya 1. Saa ya sakiti nilikuwa nimeipunguza hadi mpigo mmoja kwa sekunde ili niweze kuhesabu kwa macho. Nikawasha umeme nikitegemea kuona hesabu ikipanda hadi 9 na kurudi 0, kama nilivyoiona mara nyingi siku zile.

Taa mbili za kushoto zikawaka, zikatulia. Ya tatu ilikuwa giza. Ya mwisho ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, kila sekunde.

Nilihesabu mipigo ishirini. Hakuna kilichobadilika.

Nikazima, nikawasha tena. Safari hii ikaanzia 6, ikaenda 7, 8, 9, ikarudi 0, ikaendelea vizuri kabisa. Nikajiambia kuna waya uliolegea, nikaubonyeza kila mmoja kwa kidole, nikaendelea na kazi nyingine.

## Wiki tatu za kushuku waya

Tatizo linalotokea mara moja na kutoweka huchosha kuliko lile linalokaa. Katika wiki tatu zile niliwasha na kuzima kihesabio kile mara nyingi sana, na karibu kila mara kilihesabu bila kosa. Nilibadilisha waya za saa. Niliweka kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu na kila chipu ili kupunguza mikwaruzo kwenye njia ya umeme, jambo ambalo lilipaswa kufanyika tangu mwanzo. Baada ya hapo siku kadhaa zilipita bila tatizo, nikaamini nimeliponya.

Kisha asubuhi moja taa mbili za kushoto zikawaka tena, zikatulia.

Mara hii sikuzima.

Nilichukua multimita nikapima pini moja baada ya nyingine. Q3 ilikuwa juu, Q2 juu, Q1 chini. Pini zote nne za saa zilikuwa zinapokea mpigo. Hakukuwa na waya uliolegea wala chipu iliyoungua. Nikaandika kwenye karatasi nilichokuwa nakiona: 1100, 1101, 1100, 1101. Yaani 12, 13, 12, 13.

Kihesabio cha kumi hakina 12. Lakini sakiti hii ilikuwa nayo, na ilikuwa inaihesabu kwa utulivu, mpigo kwa mpigo, sawasawa na nilivyoiunganisha.

Bahati yangu ilikuwa zile taa nne. Kama ningeweka chipu ya 4511 na tarakimu ya vipande saba, onyesho lingekuwa giza tupu, kwa sababu 4511 huzima vipande vyote ikipewa namba inayozidi 9. Ningeishia kutafuta kosa kwenye onyesho.

## Geti la nne

Nilikuwa nimetumia chipu mbili za 74LS112. Kila moja ina flipflopu mbili za JK, yaani vipande vya kukumbuka 0 au 1, kwa hiyo jumla ni nne, na pini zao za saa zimeunganishwa pamoja ili zote zibadilike kwenye ukingo uleule wa kushuka. Kwa mantiki ya kuamua nani ageuke lini, nilikuwa na 74LS08 moja, yenye mageti manne ya NA, kila geti likiwa na ingizo mbili na kutoa 1 pale tu zote mbili zikiwa 1. J huiinua flipflopu, K huiangusha, zote mbili zikiwa 1 hugeuka, na alama ya ' ni kinyume. Milinganyo niliyoijenga ni hii:

```
J0 = 1           K0 = 1
J1 = Q3' Q0      K1 = Q0
J2 = Q1 Q0       K2 = Q1 Q0
J3 = Q2 Q1 Q0    K3 = Q2' Q0
```

Q0 hugeuka kila mpigo. Q2 hugeuka pale Q1 na Q0 zote zikiwa 1. Q3 huinuka baada ya 7. J1 ndiyo yenye alama ya pekee ya kihesabio cha kumi: baada ya 9, yaani 1001, hesabu ya kawaida ingeinua Q1 na kwenda 1010. Ile Q3' imewekwa pale kuizuia. Q3 ikiwa juu, Q1 haipandi.

Ukihesabu mageti utaona Q3'Q0 linachukua moja, Q1Q0 linachukua moja, na kuunganisha jibu la Q1Q0 na Q2 kunachukua la tatu. Geti la nne la 74LS08 lingebaki bila kazi.

Nililipa kazi kwenye K3.

Sababu yangu ilikuwa tahadhari. K3 ndiyo inayoiangusha Q3, na Q3 inatakiwa kuanguka mahali pamoja tu, baada ya 9. Nilipoiangalia 9 niliona Q0 ni 1 na Q2 ni 0. Nikaona ni salama zaidi kudai yote mawili: Q3 ianguke tu Q0 ikiwa juu na Q2 ikiwa chini. Geti lipo, pini zipo, kwa nini nisijilinde?

Kwa namba 0 hadi 9 mlinganyo ule ni sahihi kabisa. Hata leo nikiupitisha kwenye jedwali la hali kumi sioni kosa.

## X za aina mbili

Nilirudi kwenye ramani ya Karnaugh ya K3, jedwali la kurahisishia mlinganyo kwa kukusanya visanduku jirani, ambayo nilikuwa nimeichora na kuisahau.

```
           Q1Q0
Q3Q2    00  01  11  10
 00      X   X   X   X
 01      X   X   X   X
 11      X   X   X   X
 10      0   1   X   X
```

Visanduku 16, na viwili tu ndivyo vyenye jibu la lazima: kwenye 8 Q3 ibaki, kwenye 9 Q3 ianguke. Vingine 14 vyote ni X, yaani lolote liwe. Ukiwa na ramani iliyojaa X namna hii unahisi una uhuru mkubwa. Mimi niliikusanya ile 1 pamoja na X za visanduku vya 1, 3 na 11, kundi la nne, nikapata Q2'Q0, nikaridhika.

Nilichokuwa sijakiona ni kwamba X zile hazifanani.

Nane za juu ni za namba 0 hadi 7, ambako Q3 iko 0. Flipflopu ya JK iliyo 0 haiisikilizi K katika kuamua hatua yake. J ikiwa 0 itabaki 0, J ikiwa 1 itakwenda 1, K iwe vyovyote. X hizi nane ni uhuru wa kweli. Uweke 0 au 1, sakiti haitajua tofauti.

Sita zilizobaki ni za 10 hadi 15. Pale Q3 iko 1, na flipflopu iliyo 1 huisikiliza K kwa kila kitu. X zile ziliandikwa kwa sababu moja tu: nilidhani hatutafika huko. Ukishachora mduara wa kundi, kila X iliyo ndani imekuwa 1 na kila X iliyo nje imekuwa 0. Hakuna tena "lolote liwe". Umeshajibu maswali sita kuhusu mahali ambapo hukutaka kufikiria, na waya zitayatekeleza majibu yako ukifika.

Kwa kundi langu, mstari mzima wa 12 hadi 15 ulikuwa umebaki nje. Nilikuwa nimeiagiza Q3 isianguke katika hali zile nne.

## Watatu wanaoshikana

Njia ya kujua sakiti itakwenda wapi ni mlinganyo wa hali inayofuata. Kwa flipflopu yoyote ya JK, ukiandika Q+ kwa maana ya Q baada ya mpigo:

```
Q+ = J Q' + K' Q
```

Kwa maneno: itakuwa 1 ikiwa ilikuwa chini na J ikaiinua, au ilikuwa juu na K haikuiangusha. Nikaweka J na K zangu ndani. Kinyume cha Q2'Q0 ni Q2 + Q0', kwa hiyo:

```
Q0+ = Q0'
Q1+ = Q3' Q0 Q1' + Q0' Q1
Q2+ = Q1 Q0 Q2' + (Q1 Q0)' Q2
Q3+ = Q2 Q1 Q0 Q3' + Q2 Q3 + Q0' Q3
```

Tazama mstari wa mwisho. Kipande cha katikati, Q2 Q3, ndicho kilichonisumbua wiki tatu. Kinasema kwamba Q3 ikiwa juu na Q2 ikiwa juu, Q3 itabaki juu, Q0 ifanye itakavyo.

Sasa ifuate kutoka 1100. Q3 inashikiliwa na Q2. Kwa nini Q2 haianguki? Kwa sababu ili igeuke inahitaji Q1 iwe juu, na Q1 iko chini. Kwa nini Q1 haipandi? Kwa sababu Q3 iko juu, na ile Q3' ndani ya J1 inaizuia.

Q2 inaishikilia Q3 juu, Q3 inaikandamiza Q1, na Q1 iliyokandamizwa inaiacha Q2 ilipo. Watatu wameshikana mikono na hakuna wa kuachia kwanza. Aliye huru ni Q0 peke yake, na Q0 hugeuka kila mpigo. Ndiyo ile taa ya mwisho iliyokuwa inawaka na kuzimika.

Nilipoliona hili niliweka kalamu chini kwa muda. Kila kipande cha mtego kilikuwa na sababu yake njema, na zuio la Q1 ni la lazima kabisa. Walipokutana kwenye 12, kila mmoja akafanya kazi yake.

Nikaendelea na hali nyingine nne kwa ukamilifu. 10 huenda 11, na 11 huenda 4, kwa kuwa pale Q2 iko chini na K3 inafanya kazi. 14 huenda 15. Kwenye 15 K3 yangu ni 0 na J3 ni 1, kwa hiyo Q3 hubaki juu huku nyingine tatu zikianguka, tunatua kwenye 8. Hali nne zinajinasua, mbili zimenasa.

Hapo nikaelewa pia kwa nini tatizo lilikuwa adimu. Umeme unapowaka, kila flipflopu huamka upande mmoja au mwingine kutokana na tofauti ndogondogo ndani ya chipu na jinsi volti inavyopanda. Hali za kuanzia ni 16, na zenye mtego ni mbili tu. Tena flipflopu si sarafu ya kurushwa: mara nyingi huegemea upande mmoja, hivyo sakiti inaweza kuamka mahali salama asubuhi nyingi mfululizo, kisha siku moja ikaamkia kwingine. Zile kapasita hazikuwa zimeponya chochote. Nilikuwa nimepata siku kadhaa nzuri.

## Kutoa badala ya kuongeza

Suluhisho lilikuwa kulitoa lile geti la nne.

Kwenye ramani, kundi la visanduku vinne vyangu linaweza kupanuliwa hadi vinane: nguzo mbili nzima za katikati, zile ambazo Q0 ni 1. Q2 inatoka kwenye mlinganyo, inabaki K3 = Q0. Waya mmoja moja kwa moja kutoka Q0 hadi pini ya K. Mlinganyo wa hali inayofuata unakuwa:

```
Q3+ = Q2 Q1 Q0 Q3' + Q0' Q3
```

Kipande cha Q2 Q3 hakipo tena. Q3 iliyo juu itabaki juu ikiwa Q0 iko chini tu.

Na hapa kuna jambo ambalo lilinifurahisha kweli. Huhitaji hata kupitia hali sita moja moja ili ujue kwamba mtego umekwisha. Q0 hugeuka kila mpigo bila kumuuliza mtu, kwa hiyo popote ulipo, ndani ya mpigo mmoja utakuwa kwenye namba witiri. Ukiwa kwenye namba witiri na Q3 iko juu, mpigo unaofuata unaiangusha Q3. Na namba yoyote ambayo Q3 yake ni 0 ni kati ya 0 na 7, zote halali. Basi kutoka hali yoyote ya bahati mbaya, mipigo miwili inatosha kurudi nyumbani.

Hata hivyo nilizipitia zote sita, kwa sababu nilitaka kujua zinaingilia wapi:

```
10 -> 11 -> 4
12 -> 13 -> 4
14 -> 15 -> 0
```

Mahali pa kuingilia si sheria ya dunia. Ukiamua K1 iwe Q3'Q0 badala ya Q0 peke yake, ambayo nayo ni sahihi kwa 0 hadi 9, 11 itakwenda 6 badala ya 4, na 15 itakwenda 2 badala ya 0. Watu wawili wanaweza kuwasilisha vihesabio viwili vinavyohesabu sawasawa, na michoro yao ya hali zisizotumika ikatofautiana bila yeyote kukosea. Kosa ni duara kama langu la 12 na 13, mishale inayozunguka bila kuingia ndani.

## Lakini je, si ningeiweka upya tu?

Swali hili lilinirudia kila nilipofikiria kuandika makala hii. Kila flipflopu ya 74LS112 ina pini ya kufuta. Ukiishusha pini hiyo chini kwa muda mfupi umeme unapowaka, kwa rezista na kapasita, zote nne zinaanza na 0. Sakiti yangu ya mwanzo, pamoja na K3 yake mbaya, ingeamka vizuri kila siku na nisingeuona mtego kamwe.

Kwa muda nilidhani hilo ndilo jibu, na kwamba hesabu zote zile zilikuwa za bure.

Kilichonibadilisha ni kufikiria yanayotokea katikati ya kazi. Mkwaruzo kwenye njia ya umeme pale mota iliyo jirani inapowaka unaweza kuigeuza flipflopu moja. Chukua sakiti iliyo kwenye 8, yaani 1000, kisha Q2 ipinduliwe kwa bahati mbaya. Uko kwenye 1100. Pini ya kufuta ilishamaliza kazi yake saa nyingi zilizopita. Ikiwa na K3 yangu ya zamani, sakiti itakaa pale hadi mtu aje kuzima.

Upande wa pili, K3 iliyorekebishwa nayo haiwezi kila kitu. Inairudisha sakiti kwenye namba halali, ila haijui namba ipi ndiyo ilikuwa sahihi. Aliyekuwa kwenye 8 akarushwa 12 atajikuta kwenye 4, na hesabu imepotea. Pia haianzi na 0, bali huanzia popote ilipoamkia, ndiyo maana ile siku ya kwanza ilianzia 6. Kwa hiyo niliweka vyote viwili. Pini ya kufuta inajibu swali la wapi tuanzie, milinganyo inajibu swali la wapi tuende tukipotea, na hakuna moja linaloweza kulijibu la mwenzake.

## Kuipeleka kwa mkono

Bado nilitaka kuona kwa macho. Kusubiri sakiti iamke kwenye 12 yenyewe kungechukua siku nyingi, na kutoiona kusingethibitisha kitu.

74LS112 ina pini mbili za kulazimisha kwa kila flipflopu: moja huipeleka juu, nyingine chini. Zote hufanya kazi zikishushwa kwenye volti 0, bila kungoja saa. Katika kazi ya kawaida zinapaswa kushikiliwa juu, mimi nilitumia rezista za omu 1,000. Nilipunguza saa hadi mpigo mmoja kwa sekunde tano ili nipate nafasi. Kisha kwa vipande vinne vya waya nikagusisha chini pini za kupandisha za Q3 na Q2, na pini za kufuta za Q1 na Q0.

Kwanza nilijaribu na K3 ya zamani, geti la nne likiwa bado mahali pake. Niliachia waya. 1100, 1101, 1100. Nililiacha lizunguke dakika nzima, sasa likiwa limekuja kwa kuitwa.

Nikazima. Nikang'oa waya wa geti la nne kutoka pini ya K3, nikaiunganisha pini hiyo na Q0, na ingizo mbili za geti lile lisilo na kazi nikazifunga kwenye volti 0 zisielee. Nikawasha, nikagusisha pini zilezile nne, nikaachia.

1100.

Sekunde tano. 1101.

Sekunde tano nyingine, na taa ya kushoto kabisa ikazimika. 0100. Kisha 5, 6, 7, 8, 9, na zote nne zikawa giza kwa wakati mmoja.